Sura ya Tano: Jina kwenye Barua ya Chifu

Mtu akifariki Mabanga bila kuacha wosia, karatasi ya kwanza ambayo familia huitafuta baada ya cheti cha kifo ni barua ya chifu. Barua hiyo ni ya ukurasa mmoja. Inasema marehemu alikuwa mkazi wa lokesheni fulani, alifariki tarehe fulani, na ameacha watu wafuatao: mke, watoto na umri wao, baba, mama, ndugu. Kila mtu hutazama kama jina lake limo. Akiliona, moyo unatulia, kwa kuwa anaamini amekwisha kuwa mrithi.

Hapo ndipo ugomvi mwingi wa mirathi unapoanza, katika korti za Bungoma na Kitale na kwingineko nchini. Kutajwa ni jambo moja, kurithi ni jambo jingine. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inamtaka anayeomba usimamizi wa mirathi awataje wote hao: wake, watoto, wazazi, ndugu, hata wajukuu ambao mzazi wao alitangulia kufa. Hilo limo katika kifungu cha 51. Lakini ukifika kwenye vifungu vya kugawa mali, kuanzia cha 35, wengi wa waliotajwa hawaonekani tena. Na wanaoumia zaidi kwa kutoonekana huko ni wazazi.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mwanamume wa miaka 43, mzaliwa wa Mabanga, kando ya barabara inayotoka Bungoma kwenda Webuye, amefariki kwa ajali. Ana mke mmoja na watoto wanne. Mkubwa ana miaka 21, watatu bado ni wadogo. Baba na mama yake wangali hai na wanaishi bomani. Ameacha ekari 6 Trans Nzoia zenye hatimiliki kwa jina lake, nyumba aliyoijenga Mabanga kwenye shamba la baba yake, ng'ombe watatu, pikipiki, shilingi 240,000 benki, na akiba katika chama cha ushirika alikoandikisha jina la mama yake tangu enzi za ujana, kabla ya kuoa. Kila mwezi alikuwa akimtumia mama shilingi 5,000 kwa M-Pesa za dawa ya kisukari na chakula.

Siku chache baada ya mazishi ukoo unakaa. Madeni yanatajwa, ya marehemu na ya waliokuwa wakidaiwa naye. Kisha mzee mmoja anasema kile ambacho wengi waliopo wanakiona ni haki kabisa: shamba la Kitale ligawanywe mara tatu, sehemu moja ya mjane, moja ya watoto, moja ya wazazi waliomzaa na kumsomesha. Mjane hajibu. Kwa heshima ya kwao, mkaza mwana habishani na baba mkwe mbele ya watu, na neno lake litapitia kwa shemeji jioni. Kimya hicho mara nyingi huchukuliwa kuwa kukubali, na baadaye korti itaambiwa kwamba "familia ilikwisha kukubaliana".

Sheria inasema nini? Kifungu cha 35 kinahusu mtu aliyekufa bila wosia akaacha mke au mume mmoja na mtoto au watoto. Kwanza, mjane anapata vyombo na vitu vya matumizi ya nyumbani viwe vyake moja kwa moja: nguo, vitanda, meza, sufuria, redio, chakula kilichomo ghalani kwa matumizi ya nyumba. Pikipiki haimo katika fungu hilo, kwa sababu maana ya vitu vya nyumbani katika sheria hii inaliacha nje gari lolote na chochote cha kazi au biashara ya marehemu. Pili, mali yote iliyosalia, baada ya kulipa gharama za mazishi na madeni, mjane anapewa haki ya kuitumia maishani mwake. Analima, anakodisha, anakamua ng'ombe, anasomesha watoto kwa mapato hayo. Lakini si mwenye mali. Anaishika kwa niaba ya watoto, na akifariki, inagawanywa sawasawa kati ya watoto wote wanne, wasichana kwa wavulana, aliyeolewa na asiyeolewa.

Wazazi hawatajwi katika kifungu hicho, si kwa theluthi wala kwa robo. Mtoto mmoja tu akiwa hai, hata awe mchanga wa siku tatu, zamu ya wazazi katika mgao haifiki.

Wako wapi basi? Wako katika kifungu cha 39, kinachohusu marehemu asiyeacha mke wala mtoto. Hapo mali inakwenda kwa baba. Baba akiwa amefariki, kwa mama. Na wote wawili wakiwa hawapo, kwa ndugu. Maneno hayo yanayomtanguliza baba mbele ya mama ni ya zamani kuliko Katiba ya 2010, na Mahakama Kuu imekwisha kutamka kwamba masharti ya aina hiyo yanabagua. Wazazi wanaonekana pia kwa mbali katika kifungu cha 36, marehemu anapoacha mke bila mtoto. Mjane huyo anapata vitu vya nyumbani, kisha shilingi 10,000 au asilimia 20 ya mali iliyosalia, lipi lililo kubwa, na haki ya kutumia kilichobaki maishani. Haki hiyo ikikoma, ndipo kilichobaki kinarudi upande wa wazazi na ndugu wa marehemu.

Kwa hiyo mzee aliyesema mali igawanywe mara tatu alikuwa akichanganya hali mbili ambazo sheria imezitenga. Simlaumu. Ng'ambo ya mto Lwakhakha, upande wa Uganda, ambako watu wa Bungoma wana shemeji na binamu, sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 inagawa kwa asilimia: 20 kwa mjane au mgane, 75 kwa watoto na wajukuu, 4 kwa jamaa waliokuwa wakimtegemea marehemu, na 1 kwa mrithi wa kimila. Huko mzazi aliyekuwa akitegemea mwanawe ana fungu lililoandikwa. Na hapa hapa Kenya, Waislamu wa Bungoma na Mumias hugawa mirathi yao kwa sheria ya Kiislamu, wala mgao wa Sura ya 160 hauwahusu. Marehemu wetu angekuwa Mwislamu, mke angepata thumni, yaani moja ya nane, baba sudusi, mama sudusi, na watoto wangegawana kilichobaki, mvulana akipata mara mbili ya msichana. Ukizifanya sehemu hizo ishirini na nne, mke ana 3, kila mzazi ana 4, watoto wana 13. Majirani wawili wenye familia zinazofanana, mmoja anazikwa na padri na mwingine na shehe, na wazazi wa mmoja wana theluthi nzima wakati wazazi wa mwenzake hawana kitu. Watu wanaoishi pamoja hivyo, wakihudhuria matanga ya wenzao, ni rahisi kudhani kuna kanuni moja kwa wote.

Hata hivyo sheria ya Kenya haikuwatupa wazazi. Iliwawekea mlango mwingine, na wengi hawaujui hadi umefungwa. Kifungu cha 29 kinataja wanaohesabiwa kuwa wategemezi wa marehemu. Mke na watoto wanahesabiwa bila kuulizwa kama alikuwa akiwatunza au la. Wazazi wanahesabiwa kwa sharti moja: wawe walikuwa wakitunzwa na marehemu hadi wakati wa kifo chake. Anayetimiza sharti hilo anaweza kuiomba korti, chini ya kifungu cha 26, itenge sehemu ya mali kwa ajili yake. Korti ikiridhika, ina uhuru mkubwa. Inaweza kutoa sehemu maalum ya mali, fedha za mara moja, au malipo ya kila baada ya muda.

Katika mfano wetu baba na mama hawako katika hali moja. Mama ana ushahidi. Akichukua taarifa ya laini yake mwenyewe ya M-Pesa, shilingi 5,000 zinaonekana mwezi baada ya mwezi kutoka kwa mwanawe, na mwezi wa kifo zinakoma. Akiongeza daftari la kliniki ya kisukari na risiti za dawa, hakimu anaona mtu aliyekuwa akitunzwa, na anaona kiasi. Baba, kwa upande wake, ana shamba lake mwenyewe, anauza miwa, na hakuwa akipokea kitu cha kudumu. Kusema "nilimzaa na kumsomesha" hakumsaidii katika ombi hili. Swali si nani alimtunza nani miaka ya nyuma, bali nani alikuwa akitunzwa mwana alipofariki. Ni neno gumu kumwambia mzee aliyeuza ng'ombe kulipa karo, lakini ni afadhali aambiwe mapema kuliko alisikie kortini akiwa amekwisha kumlipa wakili.

Tena mama asitarajie ekari 2 kwa sababu tu ushahidi wake ni mzuri. Kifungu cha 28 kinaitaka korti ipime mambo mengi kwa pamoja: ukubwa wa mali, mapato mengine ya anayeomba, mahitaji yake ya sasa na ya baadaye, alivyokuwa akiishi na marehemu, kama marehemu alikwisha kumpa kitu akiwa hai, na hali ya wategemezi wengine. Ekari 6 zinazobeba watoto watatu wadogo si mali nyingi. Korti inaweza kuamuru, kwa mfano, mapato ya ekari moja yaende kwa mama maadamu yu hai, na ardhi yenyewe ibaki ya watoto. Na hapo upande wa mjane utauliza habari za ile akiba ya ushirika.

Akiba hiyo ni kisa peke yake. Marehemu alimwandikisha mama yake akiwa kijana, akaoa, akapata watoto wanne, asirudi kamwe kubadilisha fomu. Fedha zenye mtu aliyeandikishwa kuzipokea, ziwe za ushirika au za pensheni, zinashughulikiwa na chama au mfuko kwa taratibu zake, na korti zimekuwa zikishikilia kwamba haziingii katika mirathi ya kugawanywa. Kwa hiyo mama anazipokea, na mjane anaachwa akishangaa. Nimeona wajane wakitumia miezi kupigania fedha za namna hii ndani ya kesi ya mirathi, mahali ambapo hazikuwapo tangu mwanzo. Ila katika kupima ombi la mama la kutunzwa, kile alichokwisha kupokea ni sehemu ya hali yake, na si vyema akifiche.

Sasa nyumba ya Mabanga. Hapa mizani inageuka, na mjane ndiye hupata mshtuko. Nyumba ni ya matofali, ya mabati mapya, imejengwa kwa jasho la marehemu. Lakini imesimama juu ya shamba la baba yake, na hatimiliki ni ya baba. Mirathi ya marehemu ni mali iliyokuwa yake, na ardhi ile haikuwa yake. Mjane hawezi kuiorodhesha kama alivyoorodhesha ekari za Kitale, na korti ya mirathi haitaligawa shamba la mtu aliye hai. Kinachowalinda watoto hapo ni kifungu cha 41, na ulinzi wake unakuja baadaye: siku mzee atakapofariki naye bila wosia, na mkewe akiwa hayupo tena kulitumia shamba, wale wajukuu wanne watasimama mahali pa baba yao na kugawana lile fungu ambalo angelipata kama angekuwa hai. Mkaza mwana mwenyewe hamo katika hesabu hiyo. Anayetaka mjane na watoto wakae kwa amani pale Mabanga amwendee mzee akiwa hai, wapime kipande, wafuate bodi ya ardhi, na hati itoke.

Kuna familia ambazo hadithi ni kinyume. Watu wengi wa Bungoma walinunua ardhi Trans Nzoia baada ya walowezi kuondoka, wengine kwa kuchanga katika kampuni na vyama vya kununulia mashamba, na mara nyingine baba alitoa fedha, jina likaandikwa la kijana aliyesoma. Mzee wa namna hiyo hadai urithi. Anadai kwamba ardhi ni yake, au ni ya ukoo, na mwanawe alikuwa ameishika kwa amana. Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya Kiebia dhidi ya M'Lintari mwaka 2018, ilikubali kwamba amana ya kimila inaweza kulifunga jina lililo kwenye hati, mradi ithibitishwe. Lakini dai hilo ni la Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na linahitaji risiti, mashahidi wa ununuzi, historia ya nani alilima. Kazi ya korti ya mirathi ni kukiweka kando kipande kinachobishaniwa mpaka swali la umiliki liamuliwe. Mzee akija kwenye mirathi akisema "nipeni fungu langu la urithi", amekwisha kujichimbia shimo, kwa sababu amekiri kwamba mali ilikuwa ya mwanawe.

Turudi kwa mjane wetu na safari yake ya korti. Kifungu cha 66 kinamweka mbele ya wote katika kuomba usimamizi. Lakini kwa kuwa ana watoto walio chini ya miaka 18, mali itashikwa kwa niaba yao kwa muda, na kifungu cha 58 hakiruhusu msimamizi mmoja peke yake katika hali hiyo. Lazima wawe wawili au zaidi, wasizidi wanne. Anaweza kuomba pamoja na mwanawe wa miaka 21. Anaweza pia kuomba pamoja na baba mkwe, na katika nyumba zenye maelewano jambo hilo hutuliza ukoo wote, kwa kuwa mzee anaona kila karatasi. Lakini ieleweke tangu siku ya kwanza kwamba jina la mzee kwenye barua za usimamizi halimpi hata robo ekari. Msimamizi hukusanya, hulipa madeni, hugawa, na hutoa hesabu.

Ombi lenyewe huandikwa kwa fomu P&A 80, pamoja na kiapo cha fomu P&A 5 kinachoorodhesha waliosalia, mali na madeni. Hapa mjane asishawishike kuwaacha wakwe nje ya orodha kwa hoja kwamba hawarithi. Kuficha jambo la maana ni sababu ya kufutiwa usimamizi chini ya kifungu cha 76, na kesi inaanza upya miaka ikiwa imekwisha kupita. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi na lipo: mzee au shemeji anakwenda kwa chifu peke yake, anaeleza kwamba marehemu hakuwa na mke kwa sababu mahari haikumalizika, na watoto hawaandikwi. Mahari isiyokamilika ni hoja ya kujadiliwa mbele ya hakimu kwa ushahidi. Haifuti watoto hata kidogo, kwa kuwa mtoto wa marehemu ni mrithi wake, mama yake awe ameolewa au hakuolewa.

Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi ana siku 30. Barua za usimamizi zikitoka, bado hakuna ruhusa ya kugawa. Kwa kawaida hupita miezi sita, kisha wasimamizi wanaomba uthibitisho kwa fomu P&A 108, wakionyesha kila mrithi na fungu lake. Anayeuza ekari moja katikati ya miezi hiyo "ili kulipia matanga", mjane au mkwe, anaingilia mali ya marehemu. Kifungu cha 45 kinaliita hilo kosa la jinai, lenye faini ya hadi shilingi 10,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Na mnunuzi wake hana alichonunua.

Siku ya kuthibitisha ndiyo siku ya kusema. Warithi watu wazima wakikubaliana kumpa bibi yao sehemu, hakimu ataisikiliza hati yao ya maafikiano. Lakini wale watatu wadogo hawawezi kukubali kitu kisheria, na hakimu makini hataruhusu fungu lao litolewe sadaka na wakubwa. Ndiyo maana kile kikao cha ukoo cha kugawa mara tatu, hata kingewekewa sahihi na wote waliokuwapo, hakikuwa na nguvu juu ya haki ya watoto wale. Mama mkwe asitegemee maafikiano pekee. Awasilishe ombi lake la utegemezi mapema, kwa sababu kifungu cha 30 kinasema ombi hilo haliletwi baada ya usimamizi kuthibitishwa.

Kama wewe ni mwana unayewatunza wazazi wako, na una mke na watoto, njia ya hakika zaidi ya kuwaachia wazazi kitu iko mikononi mwako ukiwa hai. Andika wosia, uweke sahihi mbele ya mashahidi wawili wasiopata chochote ndani yake, useme mama apewe nini na kwa muda gani. Kisha nenda kwenye ushirika wako uulize ni jina la nani limeandikwa kwenye fomu yako.